Mistari mitatu ya pembetatu na hesabu inayogoma kutoa 1: tafuta dalili yako hapa

Maswali ya kanuni ya Ceva yanaulizwa kila mara na ukiyasoma unakuta ni matatizo yaleyale yanajirudia, mtu kachora mistari mitatu kutoka kona tatu za pembetatu, kapiga hesabu ya uwiano pande zote, afu jibu na mchoro haviongei lugha moja. Nimeyapanga kwa dalili. Angalia kwako kinachotokea ni nini, nenda kwenye dalili hiyo, na anza na chanzo cha kwanza maana hicho ndo kinachotokea sana, vya chini yake ni vya nadra.

Ila kwanza tukubaliane majina, makosa mengi yanaanzia hapa. Pembetatu ni ABC. Nukta D iko kwenye upande BC, ule unaotazamana na kona A. E iko kwenye CA, F iko kwenye AB. Mistari tunayoipima ni AD, BE na CF. D, E na F zikiwa ndani ya pande zake, mistari hiyo inapita nukta moja pale hesabu hii inapotoa 1, na isipotoa 1 haikutani:

```
(AF/FB) × (BD/DC) × (CE/EA) = 1
```

Angalia herufi zinavyotembea. A, F, B, halafu B, D, C, halafu C, E, A. Unaizunguka pembetatu mara moja bila kurudi nyuma, na kwenye kila upande kipande unachokipita kwanza kinakaa juu na cha pili kinakaa chini. Giovanni Ceva wa Italia aliichapisha mwaka 1678, lakini al-Mu'taman, mfalme wa Zaragoza kule Andalusia, alikuwa ameshaiandika karne ya 11, kwa hiyo ni kanuni ya zamani kuliko jina lake.

Inafanya kazi kwa sababu ya maeneo. Mistari ikikutana nukta P, pembetatu kubwa inagawanyika kuwa tatu ndogo, PBC, PCA na PAB. Uwiano BD/DC ni sawasawa na eneo la PAB kugawa kwa eneo la PCA. CE/EA ni PBC kugawa kwa PAB, na AF/FB ni PCA kugawa kwa PBC. Ukizidisha zote tatu kila eneo linatokea mara moja juu na mara moja chini, vyote vinakatana, inabaki 1. Ukilishika hilo huwezi kusahau kipi kinakaa juu na kipi chini hata ukiwa katikati ya mtihani.

Mifano mingi hapa nitatumia pembetatu moja, AB sentimita 13, BC sentimita 14, CA sentimita 15. Nimeichagua kwa sababu eneo lake ni 84 kamili na namba zake hazisumbui, na nakushauri uichore kabisa kwenye karatasi ukiwa unasoma.


DALILI YA 1: Unajua kabisa mistari inakutana, lakini zao halitoi 1

Mfano wa kawaida ni vimo. Kila mtu anajua vimo vitatu vya pembetatu vinakutana nukta moja, sasa mtu anapiga hesabu anapata 3.24, anachanganyikiwa.

*Chanzo cha kwanza, uwiano mmoja umegeuzwa.* Hiki ndo kikubwa kuliko vyote. Kwenye pembetatu yetu kimo kutoka A kinadondoka kwenye BC, BD ni 5 na DC ni 9 (hakikisha mwenyewe, 13 × 13 kutoa 5 × 5 ni 144, na 15 × 15 kutoa 9 × 9 ni 144 pia, kimo ni 12). Kimo cha B kinagusa CA, CE ni 8.4 na EA ni 6.6. Kimo cha C kinagusa AB, AF ni 99/13 na FB ni 70/13, kwa hiyo AF/FB ni 99/70. Sasa zidisha

```
99/70 × 5/9 × 8.4/6.6 = 99/70 × 5/9 × 14/11 = 1
```

Safi. Lakini mtu aliyesoma upande wa BC kuanzia C akaandika 9/5 badala ya 5/9 anapata 3.24. Na hapa kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakijui, hilo jibu baya lenyewe linakuambia kosa liko wapi. Tafuta kipeuo cha pili cha 3.24, unapata 1.8, na 1.8 ndo 9/5, uwiano uleule uliogeuzwa! Sio bahati. Uwiano ukigeuzwa, zao linabadilika mara mbili, kipande kilichotakiwa juu kimeondoka na pia kimeenda chini, kwa hiyo kama jibu la kweli lilikuwa 1 unachopata ni uwiano ulioandika ukizidishwa kwa wenyewe.

Basi kipimo cha haraka ni hiki, zao likikataa kuwa 1 chukua kipeuo chake cha pili na ulinganishe na zile namba zako tatu. Ikifanana na moja, huyo ndiye anayetembea kinyume na wenzake. Inawezekana yeye ndo kageuka, au yeye yuko sawa na wale wawili wengine ndo wamegeuka, hesabu haiwezi kutofautisha, itabidi urudi kwenye mchoro uweke kidole A uzunguke kwenda B kwenda C. Zote tatu zikigeuka pamoja hakuna tatizo, jibu linabaki 1 kwa sababu umezunguka tu upande wa pili.

Angalizo hapa, usigeuze uwiano ili upate 1. Geuza kwa sababu umeona kwenye mchoro kwamba uliusoma kinyume. Ukigeuza kwa kulazimisha jibu, dalili ya 2 inakusubiri hapo chini na ile ni mbaya zaidi kwa sababu unatoka ukiamini umepatia.

*Chanzo cha pili, umegawa kwa upande mzima badala ya kipande kilichobaki.* Kanuni inataka AF kwa FB, sio AF kwa AB. Maswali ya vekta ndo yanawakamata watu sana hapa, swali linasema BD ni 2/5 ya BC, mtu anachukua 2/5 anaiingiza moja kwa moja. Kama BD ni sehemu 2 kati ya 5, DC ni sehemu 3, uwiano unaotakiwa ni 2/3. Utajuaje kama ndo tatizo lako? Ukigawa kwa upande mzima, na nukta zikiwa ndani ya pande, kila namba yako lazima iwe chini ya 1 na zao litakuwa dogo sana. Mistari inayotoka kona kwenda katikati ya upande unaotazamana nayo ikikupa 1/8, usitafute zaidi, umeandika nusu mara tatu wakati ulitakiwa kuandika 1 mara tatu.

Na hiyo ni kinga nzuri hata kabla hujazidisha. Nukta zikiwa ndani, angalia zile uwiano tatu, kama zote ziko chini ya 1 au zote ziko juu ya 1 basi ama umekosea kusoma ama mistari haikutani, huhitaji kalkuleta.

*Chanzo cha tatu, majina ya nukta yamehama.* Swali limeita nukta ya AB D, ya BC E na ya CA F, wewe unatumia fomula uliyokariri ambamo D iko BC. Ukiingiza hivyohivyo unakuta unatafuta BD/DC wakati D haiko hata kwenye BC. Dawa ni kuacha kukariri herufi za nukta, kariri safari: kona, nukta, kona, nukta, kona, nukta, umerudi ulipoanzia.

Ukishapita vyote hivyo na zao bado halitoi 1, mchoro wako ndo unakudanganya, nenda dalili ya 3.


DALILI YA 2: Zao limetoa 1 kamili lakini mistari haikutani

Hii inaumiza vichwa zaidi kwa sababu mtu anaona kama kanuni yenyewe imevunjika. Haijavunjika.

*Anza na uwiano uliosomwa kinyume*, ni chanzo kilekile ila safari hii kimetengeneza 1 ya uongo. Chukua nukta ambazo kweli ni AF/FB = 1/2, BD/DC = 2/3, CE/EA = 1/3. Zote chini ya 1, zao ni 1/9, mistari haikutani hata kidogo. Sasa mtu asome upande wa CA kuanzia A, anaandika 3 badala ya 1/3, na 1/2 × 2/3 × 3 ni 1 kamili. Anaandika "inakutana" na kufunga daftari. Kwa hiyo hata jibu likiwa zuri rudia kukagua mzunguko wa upande mmoja mmoja, hasa ule ambao swali limeuandika kwa mpangilio tofauti na wenzake, kwa mfano swali linaposema "AE : EC ni 3 kwa 1" wakati pande nyingine limeandika AF : FB na BD : DC. Hiyo AE : EC ndo mtego, wewe unahitaji CE : EA.

*Chanzo cha pili, nukta moja iko nje ya upande*, kwenye mwendelezo wa mstari. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapoacha kuielewa kanuni.

Kwenye pembetatu yetu chora duara la ndani, lile linalogusa pande zote tatu. Linagusa AB mahali ambapo AF ni 7 na FB ni 6, linagusa BC mahali ambapo BD ni 6 na DC ni 8, linagusa CA mahali ambapo CE ni 8 na EA ni 7. Zao ni 7/6 × 6/8 × 8/7, unapata 1, na mistari kutoka kona kwenda kwenye hizo nukta inakutana vizuri kabisa. Sasa acha F na E zilipo, lakini D itoe ndani uipeleke kwenye mwendelezo wa CB kupita B, umbali wa sentimita 42 kutoka B. BD ni 42, DC ni 42 kujumlisha 14 yaani 56, na 42/56 ni 3/4, ni ileile 6/8! Zao bado ni 1. Lakini BE na CF zinakutana ndani ya pembetatu, wakati mstari wa kutoka A kwenda kwa D iliyo nje hauingii ndani ya pembetatu kabisa. Hauwezi kupita hapo.

Kilichotokea ni kwamba umeingia kwenye kanuni nyingine, ya Menelaus wa Iskandaria, aliyeishi karne ya 1 na ya 2. Ile inasema nukta tatu D, E na F zenyewe ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Chora pembetatu yako kwa robo ya kipimo ili D iingie kwenye karatasi, weka rula kupitia F na E, utaona inaenda kugonga D ileile. Urefu peke yake hautofautishi kanuni hizi mbili kwa sababu zote zinatoa 1. Kinachotofautisha ni alama.

Dawa yake ni kuweka alama ya chanya na hasi. Nukta ikiwa katikati ya kona zake mbili uwiano ni chanya, ikiwa nje ni hasi. Mistari kukutana inataka +1, nukta tatu kulala mstari mmoja inataka −1. Kama hupendi alama basi hesabu tu nukta ngapi ziko nje: zikiwa 0 au 2 endelea na Ceva, zikiwa 1 au 3 mistari haiwezi kukutana hata zao la urefu likiwa 1. Mimi naona kuhesabu ni rahisi zaidi kwa anayeanza, alama anaziweka baadaye akishazoea.

*Chanzo cha tatu ni nadra, mistari yote mitatu ni sambamba.* Inatokea pale tu nukta mbili ziko nje. D iwe katikati ya BC, afu kutoka B chora mstari sambamba na AD mpaka ukate mwendelezo wa CA, hapo CE/EA itakuwa 2 kwa urefu. Fanya hivyohivyo kutoka C mpaka ukate mwendelezo wa BA, AF/FB itakuwa 1/2. Zao ni 1/2 × 1 × 2, ni +1 na nukta za nje ni mbili, kila kitu kimetimia lakini mistari haikutani popote. Kwa hiyo ukiwa na nukta mbili nje, jibu kamili ni "inakutana nukta moja au yote ni sambamba", na lazima uonyeshe kwamba mistari miwili kati yake inakatana ndo uondoe hilo neno la pili. Nukta zote zikiwa ndani usijisumbue, mistari miwili ya ndani lazima ikatane.


DALILI YA 3: Unapata 0.97 au 1.04, karibu na 1 lakini sio 1

Hapa jiulize kitu kimoja kabla ya vyote, namba zako zimetoka wapi? Zimetoka kwenye swali au kwenye rula?

Zikiwa za swali na umepata 0.9996, *chanzo cha kwanza ni kukadiria desimali njiani*. Umegawa 99 kwa 70 ukaandika 1.41, 5 kwa 9 ukaandika 0.56, 14 kwa 11 ukaandika 1.27, ukizidisha hizo unapata kama 1.003. Usigawe. Acha sehemu kama zilivyo, kata juu na chini, mwisho kabisa ndo uone kama inabaki 1. Kwenye GeoGebra, ile programu ya kuchora maumbo, pia ikija inaonyesha desimali mbili tu, kwa hiyo 1 inayoonekana kwenye skrini inaweza kuwa 0.997 iliyokadiriwa, nenda kwenye mipangilio uongeze desimali kabla hujaamini.

Zikiwa za rula, *chanzo ni rula yenyewe* na hutakiwi kujilaumu wala kuilaumu kanuni. Angalia inavyokuza kosa. BC ni milimita 140, D iko 50 kutoka B. Ukikosea milimita 1 tu, unasoma 51 na 89 badala ya 50 na 90, uwiano unatoka 0.556 kwenda 0.573, hilo ni badiliko la asilimia 3 kwa milimita moja! Kwa sababu milimita uliyoongeza juu umeipunguza chini. Pande tatu zote zikikosewa hivyohivyo kwa mwelekeo mmoja, zao linafika kama 1.09 kwenye mchoro ambao mistari yake kwa kweli inakutana. Kwa hiyo mchoro wa ukubwa huu, ukipimwa kwa rula ya darasani, zao lolote kati ya 0.91 na 1.09 halithibitishi kitu na halikanushi kitu.

Na jicho nalo halisaidii, tena jicho ni baya zaidi. Mistari isipokutana inaacha pembetatu ndogo katikati, na eneo lake linaweza kupigwa hesabu. Nukta zikiwa karibu na katikati ya pande na zao likiwa 1.05, hiyo pembetatu ndogo ni kama sehemu 1 kati ya 11,000 ya pembetatu kubwa. Yetu kubwa ni sentimita za mraba 84, ndogo haifiki hata milimita moja ya mraba. Penseli isiyochongwa vizuri inaifunika yote. Ndo maana watu wanaapa kwamba "mbona kwangu inakutana", mchoro umeonyesha inakutana kwa sababu mistari ina unene.

Linganisha na zao likiwa mbali na 1. Kila nukta ukiiweka ili uwiano uwe 2, zao ni 8 na pembetatu ya katikati inakuwa 1/7 ya ile kubwa, hiyo hata ukiwa mbali unaiona. Kwa hiyo mchoro unafaa kukuambia "hapana" pale tofauti ni kubwa, lakini hauwezi kukuambia "ndiyo" hata siku moja.

Ukaguzi rahisi ni kuchora upya kwa ukubwa mara mbili, penseli imechongwa, na kupima kila upande kutoka kona zote mbili ili vipande vijumlike kuwa upande mzima. Ukaguzi wa ndani zaidi ni kuachana na rula utafute urefu kwa hesabu, kwa vimo tumia Pythagoras kama nilivyofanya juu, kwa mstari unaogawa pembe katikati tumia ile kwamba D inagawa BC kwa uwiano wa AB kwa AC. Kwenye pembetatu yetu hiyo inatoa 15/14 × 13/15 × 14/13, inakatana bila hata kugusa kalkuleta.


DALILI YA 4: Vimo vya pembetatu yenye pembe butu vinakataa

Hii ni ndugu wa dalili ya 2 ila inaulizwa sana peke yake. Chukua AB 13, BC 4, CA 15, pembe ya B ni butu. Kimo kutoka A hakidondoki kwenye BC, kinadondoka nje kupita B, BD ni 5 na DC ni 9. Watu wanakosea hapa kwa kusema DC ni 4 ya upande kutoa kitu fulani, au wanalazimisha D iingie ndani. Pima kutoka D mpaka C, sio kutoka B. Kimo kutoka C nacho kinatoka nje kupita B, AF ni 189/13, FB ni 20/13, uwiano 189/20. Kimo kutoka B ndo peke yake kinachobaki ndani, CE 2.4 na EA 12.6.

```
189/20 × 5/9 × 2.4/12.6 = 1
```

Nukta mbili nje, moja ndani, idadi ya nje ni 2, inaruhusiwa. Vimo vinakutana nje ya pembetatu, endeleza mistari yote utaiona nukta yenyewe. Kama hujaiendeleza utaapa kwamba haikutani.


DALILI YA 5: Swali limetoa pembe tu, hakuna urefu hata mmoja

Kuna umbo la pili la kanuni hiyohiyo, linatumia sine:

```
(sin BAD / sin DAC) × (sin CBE / sin EBA) × (sin ACF / sin FCB) = 1
```

Kosa kubwa ni moja, mtu anaingiza pembe zenyewe badala ya sine zake. Digrii 20 kwa digrii 40 ni 0.5, lakini sine zake zinatoa 0.532, sio kitu kimoja. La pili ni kalkuleta iko kwenye radiani, pima kwa sin 30, isipotoa 0.5 badilisha kabla hujaendelea.


DALILI YA 6: Hesabu iko sawa, 1 imetoka, lakini umekatwa maksi kwenye uthibitisho

Mara nyingi umeanza na jibu. Umeandika "AD, BE na CF zinakutana P" kwenye mstari wa kwanza wakati hicho ndo ulichotakiwa kuthibitisha. Anza na uwiano, uutafute kutoka kwenye vitu ulivyopewa, zidisha, pata 1, taja nukta ziko ndani ya pande (au mbili nje na mistari sio sambamba), halafu ndo uandike kwamba kwa kinyume cha kanuni ya Ceva mistari inakutana. Ile sentensi ya nukta ziko wapi ni fupi lakini bila hiyo msahihishaji hajui kama umetofautisha na Menelaus.


Wapi usimame

Simama kama mistari yako haitoki kwenye kona. Mistari inayokata pande katikati kwa pembe mraba inakutana nukta moja ndiyo, lakini haipiti kwenye kona, na kuipima kwa uwiano wa Ceva ni kupoteza muda. Ile ina kipimo chake cha Carnot, unajumlisha na kutoa mraba wa vipande ukizunguka pembetatu vilevile, AF² − FB² + BD² − DC² + CE² − EA², ikitoa 0 inakutana. Ukikuta swali lina pembe mraba kwenye pande na hakuna kona, hamia huko moja kwa moja.

Simama pia kama umeshakagua mzunguko, umeshahesabu nukta za nje, umeacha desimali, na zao bado linabadilika kila ukirudia. Hapo tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye swali lenyewe au kwenye namna ulivyolinakili. Mpelekee mwalimu mchoro pamoja na zile uwiano tatu kama ulivyoziandika kabla ya kuzidisha, sio jibu la mwisho peke yake, maana kutoka kwenye 3.24 mtupu bila zile namba tatu hata yeye hawezi kujua ni upande gani uligeuka.

Na kama pembetatu yako sio ya daftari bali ni kiwanja, unataka kujua mistari mitatu ya mipaka au njia inakutana kwenye kigingi kimoja, acha kabisa. Kamba ya mita 50 inalegea, ardhi ina mteremko, na umeona milimita moja kwenye karatasi inavyogeuka asilimia 3. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni na vifaa vyake, hasa kama kuna jirani upande wa pili wa huo mstari, usisogeze wala usichomeke kigingi chochote kwa hesabu ya namna hii.